Klipu ya nne haigusi betri: nilivyobusti gari langu

Nimechoka na ushauri wa kubusti gari kwa nyaya kutoka betri ya gari jingine: "nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, basi". Gari likigoma asubuhi hakosi mtu wa kuutoa, tena kwa uhakika mkubwa. Nusu yake ya kwanza ni sawa. Nusu ya pili ndiyo inayorusha cheche mahali pabaya kuliko pote, na majuzi nilibishana na jirani yangu juu ya boneti iliyo wazi mpaka akaniachia nyaya mkononi.

Taa ya buti ilikesha inawaka. Nilipogeuza ufunguo, stata ikalia ta-ta-ta-ta mfululizo, na taa za dashibodi zikafifia kwa kila mlio. Nikajua ni betri, kwa sababu mlio huo husikika pale umeme unapotosha kuivuta swichi ya stata lakini hautoshi kuizungusha injini. Ungekuwa mlio mmoja mzito, "ko", huku taa ziking'aa kama kawaida, ningeishuku stata yenyewe na nisingehangaika na nyaya. Mita ilisoma volti 11.4. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.6. Nikaikagua kwanza kama ina ufa au inavuja, kwa sababu betri ya hivyo haibustiwi, inabadilishwa.

Jirani akasogeza gari lake karibu. Nilimwomba lisiguse langu, kwa sababu bodi za magari yetu zote zimeunganishwa na hasi ya betri, na zikigusana umeme unapata njia kabla hujapanga chochote. Tukazima kila kitu, kisha nikaanza kutafuta chanya.

Hapa sikuamini rangi. Mtu aliyewahi kubadilisha waya za betri huenda aliweka aliyoipata, na vumbi na grisi hufanya nyekundu ionekane nyeusi. Futa kwa kitambaa mpaka uone alama ya + na ya −. Alama zikiwa zimefutika, angalia vichwa vyenyewe: kwenye betri za vichwa vya mviringo vya kawaida, cha chanya ni kinene kidogo kuliko cha hasi. Dakika hiyo moja ina thamani kubwa, kwa sababu ukikosea chanya na hasi betri mbili zinasukumana kwa pamoja kupitia nyaya zako. Si cheche ndogo tena hapo. Fyuzi kuu inakatika, alternata inaweza kuungua, na betri inaweza kupasuka.

Klipu nyekundu ya kwanza niliifunga kwenye chanya ya gari langu, lililolala. Ya pili kwenye chanya ya jirani. Tunaanza na gari lililolala ili klipu inayoning'inia hewani ibebe umeme wa betri dhaifu, siyo ule wa betri yenye nguvu. Hata hivyo niliishika mbali na chuma muda wote, maana betri ya volti 11 bado inaweza kupiga shoti. Klipu nyeusi ya kwanza ikaenda kwenye hasi ya jirani. Ikabaki moja.

"Si uiweke pale kwenye hasi, ndugu yangu, unangoja nini?" jirani akauliza.

Ninachongoja ni hiki. Klipu ya nne ndiyo inayofunga mzunguko, kwa hiyo cheche ikitoka itatoka pale inapogusa. Na betri ya asidi inapochajiwa, sehemu ya maji yake huvunjika kuwa hidrojeni na oksijeni, gesi zinazotoka kwenye matundu ya mfuniko na kutanda juu ya betri. Hidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kushika moto. Cheche juu ya hasi ya betri, basi, inazaliwa mlemle kwenye gesi, na betri ikilipuka inarusha asidi usoni kwa aliyeinama. Ndiyo maana klipu hiyo inakwenda kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri. Umeme unafika vilevile, kwa sababu hasi ya betri imefungwa kwenye injini kwa waya mnene.

Jirani alikubali, lakini akawahi kuibana kwenye kipande cha bati kilicho karibu. Tukawasha gari lake, tukasubiri. Nikajaribu langu: ta-ta-ta, vilevile. Akaniambia, "Unaona? Nilikwambia uweke kwenye betri." Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuirudisha klipu kwenye hasi, na kweli gari likawaka, halafu wakaamini kwamba kanuni ya chuma cha injini ni uzushi.

Mimi niliweka mita kwenye vichwa vya betri yangu huku gari lake likinguruma. Ilisoma 11.5. Kama umeme ungekuwa unapita ingepanda, maana alternata ya jirani inatoa zaidi ya volti 13. Chaji ilikuwa haifiki, na sababu ilikuwa rangi: bati lile limepakwa, na meno ya klipu yalishika rangi tu. Tukazima gari lake. Nikainama nikatafuta ile ndoano nene ya chuma ambayo mafundi hunyanyulia injini, iliyofungwa kwa boliti kwenye injini yenyewe. Haikuwa na rangi. Nikaibana klipu pale, nikaizungusha kushoto na kulia mpaka meno yakakwaruza kutu. Kikatoka kicheche kidogo, mbali kabisa na betri. Gari la jirani lilipowashwa tena, mita ikapanda taratibu hadi ikapita 13. Kama huna mita, tazama taa ya ndani ya gari lako: klipu ikishika vizuri, inang'aa ghafla.

Tuliliacha linguruma kama dakika 5 ili betri yangu ivute kidogo, kwa sababu nyaya za jirani zilikuwa nyembamba na haziwezi kubeba peke yake mzigo wote wa stata. Nikageuza ufunguo, injini ikazunguka nzito kidogo, ikawaka. Ukijaribu na ukakuta nyaya zinachoma mkono, acha zipoe, usiendelee kung'ang'ania ufunguo.

Kutoa ndiko wanakosahau. Betri imekuwa ikichajiwa, kwa hiyo gesi ipo nyingi kuliko mwanzo, na kukata mzunguko kunatoa cheche kama kuufunga. Niliwasha feni ya ndani ili kupunguza mruko wa volti, kisha nikaanza na ileile klipu ya kwenye ndoano. Baada yake nyeusi ya jirani, nyekundu ya jirani, na mwisho nyekundu yangu. Kila iliyotoka haikuruhusiwa kugusa mwenzake.

Kuna magari ambayo betri iko buti au chini ya kiti, na chini ya boneti yamewekewa vichwa maalumu vya kubusti. Hayo, pamoja na yale ya mseto, soma kitabu chake kwanza.

Sikuzima injini hapo hapo. Nilipima tena ikinguruma na mita ikasoma 14.1, ishara kwamba alternata yangu inachaji na kosa lilikuwa la taa tu. Ingesoma 12 na kuendelea kushuka, ningeelekea kwa fundi wa umeme moja kwa moja. Mwendo mfupi wa mjini haujazi betri iliyolala kiasi hicho, kwa hiyo usiku niliifunga kwenye chaja hadi asubuhi.