Matangazo ya kanisa yalikuwa hayafiki

Ukurasa wa Facebook ulikuwa na "like" tele, lakini viti vya ibada havikujaa. Tatizo halikuwa video za ukurasa huo. Matangazo ya WhatsApp yalitumwa kwa "Broadcast list", na orodha hiyo hufikisha ujumbe kwa aliyehifadhi namba ya mtumaji tu. Mwenye simu ya kanisa haoni onyo lolote. Ili kuhakikisha, shikilia ujumbe, fungua "Info", kisha utazame "Read by" na "Delivered to": asiyekuwepo kwenye orodha zote mbili hajaupata.

Tuliunda kundi ambalo wasimamizi pekee ndio wanaoandika. Hapo hakuna haja ya mtu kuhifadhi namba, na salamu za asubuhi hazizamishi tangazo. Maombi na soga zikabaki kwenye makundi ya jumuiya. Tangazo la ibada ni moja tu, Ijumaa jioni, lenye saa ya ibada, somo na anayehubiri. Ukituma kila siku, watu hunyamazisha kundi.

Sadaka ilihitaji dawa nyingine. Namba ya Till ya M-Pesa haina nafasi ya kuandika pesa ni za nini, kwa hiyo mhazini alibaki akikisia. Paybill huuliza "Account number", na hapo muumini huandika FUNGU au JENGO. Jumatatu kundi hupokea mistari miwili: jengo limepata kiasi gani, kimenunua nini. Picha ya mabati yakishushwa inatosha; majina ya watoaji na viwango vyao hayatajwi kamwe.