Ninavyokadiria safari za vani Mombasa: foleni naihesabu kwa saa ya kufika darajani

Kazi yangu ni kupanga magari ya kusambaza bidhaa kutoka ghala moja Shimanzi. Mteja akipiga simu kuuliza oda yake itafika saa ngapi, mimi ndiye wa kumjibu. Nilipoingia ofisini nilikuta kanuni imebandikwa ukutani: gari likiondoka kabla ya saa kumi jioni, mpe muda wa ramani; likiondoka baada ya hapo, ongeza nusu yake. Madereva walikuwa wakiicheka. Mmoja wao, mzee aliyeendesha magari Mombasa tangu ujanani, aliniambia, "Mwanangu, mimi natoka hapa saa tisa, barabara nyeupe. Nikimaliza kushusha Bamburi foleni ishaiva. Hiyo karatasi yenu yaniambia niko sawa."

Maneno yake ndiyo yaliyonifanya niache kuongeza asilimia kwenye safari nzima. Foleni ya Mombasa haikutapakaa sawasawa njiani. Inakaa mahali panapojulikana: kwenye Daraja la Nyali, pale Kongowea sokoni, Kengeleni, na kuingia Mtwapa. Katikati ya sehemu hizo gari hutembea karibu kama kawaida hata jioni. Kwa hiyo safari naikata vipande, kila kipande nakipa muda wake wa msingi, halafu naongeza kucheleweshwa kwa kila kibanio, yaani kila sehemu ya foleni, kulingana na saa ambayo gari litafika pale, na upande linakoelekea. Asubuhi watu wanaingia kisiwani, jioni wanatoka. Vani inayokwenda Nyali saa moja asubuhi inapishana na foleni. Ikienda saa kumi na moja jioni iko ndani yake.

Muda wa msingi niliupata kwa kuwaomba madereva wa zamu ya alfajiri waandike saa wanapopita sehemu zilezile, kabla ya matatu kujaa barabarani. Sikuuchukua kwenye simu mchana, kwa sababu dakika zinazoonyeshwa na Google Maps wakati huo tayari zina foleni ndani. Ukizichukua hizo kisha ukaongeza za kwako, foleni moja umeihesabu mara mbili, na wateja watazoea kwamba magari yako hufika mapema kuliko ulivyosema. Mwisho hawatakuwa tayari kupokea.

Kucheleweshwa ni tofauti ya saa iliyoandikwa na ule muda wa msingi. Hapa kuna mtego wa wastani. Tuseme safari tano za jioni zilicheleweshwa darajani kwa dakika 8, 12, 14, 17 na 45. Wastani ni dakika 19, lakini hakuna safari hata moja iliyokaribia kuchukua 19 isipokuwa ile ya 17; namba imevutwa juu na siku moja ambayo trela liliharibika njiani. Mimi nazipanga kutoka ndogo hadi kubwa na kuchukua ya nne katika kila tano. Hapo naandika 17. Ile siku ya trela siiwekei dakika kwenye jedwali, naipigia mteja simu.

Sasa tuchukue mzunguko mmoja. Vani inaondoka Shimanzi saa 9:00 alasiri, ina maduka matatu: Kongowea, Bamburi na Mtwapa. Muda wa msingi ni dakika 15 hadi Kongowea, 12 kutoka hapo hadi Bamburi, na 15 hadi Mtwapa. Kushusha ni dakika 25, 30 na 20, na hizi nazitenga kabisa na muda wa kuendesha, maana dereva hawezi kulaumiwa kwa mwenye duka anayehesabu katoni moja moja.

Kwa kanuni ya zamani gari limeondoka kabla ya saa kumi, basi haliongezewi kitu, na mteja wa Mtwapa anaahidiwa saa 10:37. Kwa vipande mambo ni mengine. Kongowea pana dakika 5 za soko, gari linafika 9:20, linaondoka 9:45. Kengeleni dakika 5 nyingine, Bamburi linafika 10:02, linaondoka 10:32. Hapo sasa watu wameshaanza kurudi makwao, na kuelekea Mtwapa jedwali langu linadai dakika 20 juu ya zile 15. Linafika 11:07. Nusu saa nzima imetoka wapi? Dakika 10 za kwanza ni ndogo hata dereva hakuzisikia, lakini pamoja na kushusha ndizo zilizolisukuma gari hadi saa ya msongamano. Ndiyo maana nahesabu kwa kufuatana, kituo baada ya kituo: saa ya kuondoka hapa ndiyo inayoamua dakika za kibanio kinachofuata.

Nikigeuza mpangilio, Mtwapa iwe ya kwanza, gari linapita Kongowea na Kengeleni mapema kwa zile dakika 10, linafika Mtwapa 9:52 na kuondoka 10:12. Kuanzia hapo linarudi kinyume na watu. Bamburi linafika 10:32 likiwa limecheleweshwa dakika 5, Kongowea 11:22 likicheleweshwa 8, na baada ya kushusha linaingia Shimanzi 12:10 likiwa limeongezewa 8 za mwisho. Mpangilio wa kwanza ungelirudisha 12:19, kwa kucheleweshwa dakika 10 njiani. Kwa ghala nimeokoa dakika 9 tu, si kitu cha kujisifia. Aliyefaidika ni mteja wa Mtwapa. Aliyepoteza zaidi ni wa Kongowea, kwa hiyo simpangii hivyo kabla sijamuuliza kama duka lake liko wazi hiyo saa. Wengine hapo hufunga mapema, na hesabu yote inakuwa bure.

Likoni sijaweza kuiweka kwenye jedwali hili. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache, kilichobaki ni kusubiri kupakiwa, na kusubiri kunategemea feri ngapi zinafanya kazi siku hiyo. Leo dakika 15, kesho saa nzima, saa ileile. Kwa oda za Ukunda namwambia mteja muda wa mapema na wa mwisho, simpi saa moja. Akisisitiza apewe saa kamili, gari nalipitisha Miritini hadi barabara ya Dongo Kundu. Muda wa msingi ni mrefu na mafuta yanakwenda zaidi, lakini nikishaondoa malori ya Changamwe, njia hiyo haipandi na kushuka kama foleni ya feri.

Jedwali pia halifai mwaka mzima. Ramadhani ikiingia nalibadilisha siku ya kwanza, bila kungoja madereva walalamike. Watu wanataka kufika nyumbani kabla ya magharibi, na wake kwa waume wanapita sokoni kununua vya kufuturia, kwa hiyo dakika nilizoziweka saa kumi na moja nazirudisha nyuma hadi saa tisa na nusu, hasa Kongowea. Adhana ikishapita, barabara inakuwa nyeupe. Mwezi huo oda kubwa za Bamburi huziondoa ghalani saa moja na nusu usiku kwa muda wa msingi mtupu, mradi mteja akubali kupokea mzigo saa za tarawehe.