Siku moja maishani mwangu: kushona shanga kwenye gauni la usiku

Watu wakisikia nashona shanga na puleki (wengine wanaita sikwensi) kwenye magauni ya usiku wanadhani kazi yangu ni kupamba tu, yaani nakaa na sindano naweka vitu vinavyong'aa. Kung'aa sio shida. Shida ni uzito, na hio ndo inanilaza saa sita usiku.

Saa moja asubuhi kitu cha kwanza naenda kuangalia gauni nililolitundika juzi. Ni la shifoni, sketi imekatwa hanamu, yaani kitambaa kimekatwa mshazari, na kuanzia magotini kushuka chini imejaa shanga za kioo. Sketi ya hanamu ikishabeba shanga haikatwi pindo siku hiohio, unaitundika siku mbili ijivute hadi ichoke ndo upime. Nimeweka rula sakafuni nikazunguka nayo: mbele na nyuma iko sawa, pembeni imeshuka sentimita 3 kila upande, maana pale ndo hanamu kamili inapoangukia. Ningekata juzi, mwenyewe angeenda kwenye sherehe pembeni panaburuta. Na nilikuwa nimelitundika kwa vitanzi vilivyoshonwa kiunoni kwa ndani, sio kwa mabega, kwa sababu ukitundika kwa mabega unavuta na juu pia.

Saa mbili mpaka saa tano ni fremu ya kutandazia kitambaa, mimi na binti anayenisaidia, kichwa chini. Hapo hamna la kusimulia ila moja. Zile shanga ndefu kama vijiti kingo zake zinakata uzi. Kwa hio kila kijiti naweka shanga ndogo ya duara huku na huku, uzi uwe unapinda juu ya duara na sio juu ya ukingo wa kioo, na uzi wenyewe naupitisha kwenye nta. Halafu kila baada ya shanga tatu nne narudi nyuma mshono mmoja, na kila mwisho wa mstari fundo. Ukitunga mstari mrefu bila kurudi, uzi ukikatika sehemu moja zinamwagika zote, na hata usipokatika ule mstari unaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo.

Saa tano akaja mwenye gauni. Sherehe keshokutwa.

Amevaa, kajiangalia kwenye kioo, uso ukabadilika. "Fundi, mbona shingo inanivuta? Na hapa kifuani panafunguka." Kweli ilikuwa inavuta, ile V ya mbele imeshuka, vikamba vya mabegani vimekaza hadi vinaacha alama. Akaanza kusema shingo nimekosea kukata, nimepima vibaya, angejua angeenda kwingine, na hapo anaongea kwa sauti hadi binti anayenisaidia kaacha kushona. Mimi nikanyamaza, nikaenda kuchukua utepe.

Kumbuka wiki mbili zilizopita kwenye kujaribisha nilimwambia naweka mkanda wa ndani kiunoni akakataa, akasema utambana. Nikamwomba asimame wima, nikaingiza utepe mgumu ndani ya gauni nikauzungusha kiunoni kwake, nikaukaza, nikaubana na pini kwenye mishono ya gauni. Halafu nikamwambia dada, weka vidole viwili chini ya kikamba cha bega. Mwanzo havikuingia kabisa. Sasa vinaingia na kikamba kinanyanyuka. Gauni ni lilelile, shingo ni ileile, ila sketi sasa inaning'inia kiunoni kwake na sio kwenye shifoni ya kifua. Nililipima kwenye mizani mbele yake, kilo 1 na gramu 400, na nusu ya huo uzito ni shanga za chini. Shifoni haiwezi kubeba hio kitu kutoka begani, we itajivuta tu na V itafunguka, hata ikatwe na nani.

Akanyamaza. Nikadhani tumemaliza. "Sawa, basi na huku juu nijazie shanga kama za chini, kifua chote."

Jamani. Zile shanga ndogo za saizi namba 11, gramu moja inachukua kama 110 hivi. Kujaza kifua kile chote ni karibu gramu 200, yaani zaidi ya shanga elfu ishirini, kwa siku mbili, tena mahali ambapo ndo tumetoka kupunguza mzigo. Nikamweleza mara ya kwanza, mara ya pili, akapiga simu kwa dada yake, nikamweleza dada yake naye. Saa saba na nusu ndo tukakubaliana puleki, zianzie nyingi begani zikipungua kadiri zinavyoshuka kando ya V. Puleki ni plastiki nyembamba, inatoa mng'ao mkubwa kwa uzito mdogo sana. Mia nane nilizoweka na shanga moja juu ya kila moja hazikufika gramu 20.

Mchana wote baada ya hapo ni kufungua nilichokwisha kufunga. Nimefumua bitana ya juu, nikaweka organza, kitambaa chepesi ila kigumu, kati ya shifoni na bitana, nikaishikiza kwa mishono mirefu ili vitambaa viwili viwe kimoja. Puleki inashonwa kupita vyote viwili, kwa hio anayebeba ni organza, shifoni inaonekana tu. Kwenye ukingo wa V nikashona utepe mwembamba usiovutika, mfupi kuliko ukingo kwa sentimita 1, ndo unaoishika V isifunguke. Hapo mkono unataka utulivu maana ukivuta uzi kidogo tu shifoni inajikunja, na nilikuwa nimeshachoka, mara mbili nimefumua safu nzima kwa sababu ya mkunjo ambao mwingine asingeuona. Mimi nauona.

Karibu na zipu shanga kadhaa zilikuwa zimeingia kwenye mshono. Hizo hazikatwi uzi, zinapasuliwa moja moja kwa koleo, kitambaa kimefunikwa juu ya mkono na macho yamegeuzwa pembeni kwa sababu kioo kinaruka. Uzi unabaki mzima na jirani zake hazitoki.

Giza limeingia sijui saa ngapi. Binti nikamruhusu aende. Nikabaki na mkanda wa kiuno: upana sentimita 2 na nusu, mfupi kuliko kiuno chake kwa sentimita 2 ili ukae kwenye mwili kabla ya gauni, kulabu mbili nyuma. Nimeushikiza kwa mkono kwenye mishono tu, pembeni na kwenye pensi, ile mikunjo iliyoshonwa kubana kiuno, ila karibu na zipu nimeuacha huru kama sentimita 6 kila upande. Anafunga mkanda kwanza, zipu baadae. Zipu ikifungwa ndo ya kwanza inavuta uzito wote, na ndo hapo zinapopasukaga.

Mgongo hausikii tena, vidole vina matundu. Nikalivalisha sanamu, nikafunga kulabu, nikaachia. V imelala bapa kifuani. Nikaingiza vidole viwili chini ya kikamba, vikaingia.

Nikalishusha nikalilaza mezani juu ya shuka, limefunikwa, halitundikwi tena mpaka aje kulichukua. Saa sita kasoro nikazima taa.