Siku yangu nyuma ya kaunta ya mizigo, Nyamakima, Nairobi

Saa kumi na mbili asubuhi nimeshafungua. Hadi saa nne ni kazi ileile: kupima uzito, kuandika jina na simu ya mpokeaji, kubandika stika, kuskani, kumpa mteja risiti. Watu hudhani karani wa mizigo kazi yake ni kukaa tu. Miguu yangu inajua.

Saa nne unusu bosi ananitumia kwenye simu maneno ya tangazo letu la redio, maana sauti itakayoyasoma ni yangu. Yanasema: "Tuma leo, ufike leo, mji hadi mji! Fuatilia mzigo wako kila dakika!" Nimeyasoma mara mbili nikayaweka kando. Sikuyapenda, lakini foleni ilikuwa imefika mlangoni.

Saa saba kasorobo anaingia mama mmoja kutoka Kirinyaga Road na pampu ya maji ya lori, kilo tisa, inakwenda Nakuru kwa fundi. Mizigo midogo sisi huiweka ndani ya gunia. Kila mzigo unaskaniwa unapoingia, kisha gunia linafungwa kwa lakiri ya plastiki yenye namba. Kule Nakuru wanaskani namba ya gunia tu, na mizigo yote iliyomo inabadilika pamoja kuwa "Umefika". Pampu ingeponda viatu na simu za watu, kwa hiyo niliipakia peke yake chini ya kiti cha nyuma. Gari likaondoka saa saba na dakika ishirini.

Saa tisa fundi anapiga simu. "Madam, nimefungua ile linki. Inasema 'Umeondoka Nairobi' tangu saa saba. Gari limesimama wapi?"

Nikamweleza: "Fundi, gari halijasimama. Ile linki inakuonyesha mahali mzigo ulipoguswa na skana mara ya mwisho. Kati ya hapa na Nakuru ni kilomita kama 160, na hakuna anayeuskani njiani. Hautabadilika mpaka ufike."

Akanielewa. Robo saa baadaye akapiga tena. Kisha tena. Mwenye lori alikuwa amemsimamia kichwani, na lori lilikuwa na viazi. Sikuweza kumkasirikia. Lakini huku mtu anakuita simuni, huku mwingine anataka chenji, huku makanga anapiga kelele gari linaondoka, unafika mahali hujui hata umekunywa maji saa ngapi.

Gari lilifika. Najua kwa sababu mizigo mingine yote ya safari ile iligeuka "Umefika" kwenye skrini yangu, isipokuwa pampu. Hapo ndipo moyo unapodunda. Mzigo ukibaki "Umeondoka" na wenzake wote wamefika, basi umeshuka njiani kimakosa, au uko ofisini na hakuna aliyeuskani. Nikampigia mwenzangu wa Nakuru. "Angalia chini ya kiti cha nyuma. Boksi la kahawia, limefungwa kamba ya katani." Akaniambia gari limeshapelekwa kuoshwa. Akakimbia.

Dakika kumi na mbili. Nilizihesabu.

Boksi lilikuwa palepale chini ya kiti. Yeye alikuwa ameskani gunia akaridhika, na mimi sikumwambia kuna mzigo ulio nje ya gunia. Kosa ni langu na nililisema. Fundi alitoa kitambulisho na namba ya siri aliyotumiwa kwenye simu, akaondoka na pampu yake kabla giza halijaingia.

Baada ya hapo sikumbuki saa vizuri. Magari ya jioni, hesabu ya pesa, kufagia. Tulipofunga ndipo nikampigia bosi, nikamwambia siwezi kusoma "kila dakika", kwa sababu yule anayesikia ndiye atakayenipigia kesho. Na "leo" si moja kwa kila mji. Nakuru ni saa tatu barabarani, na ofisi ya kule inafungwa saa moja jioni, kwa hiyo gari la mwisho la siku hiyo linatoka saa tisa na mzigo uwe kwangu saa nane. Kisumu ni mbali zaidi ya mara mbili. Ukileta baada ya saa nne asubuhi, utaupata kesho.

Bosi akanyamaza kidogo. "Andika unavyoona wewe."

Nikaandika nikiwa ndani ya matatu ya kwenda nyumbani:

"Mzigo wa Nakuru ulete kabla ya saa nane mchana, wa Kisumu kabla ya saa nne asubuhi, ufike leo leo. Tutakutumia ujumbe mzigo ukipokelewa, ukiondoka, ukifika na ukichukuliwa. Ukiona umekawia kubadilika, tupigie na namba ya risiti, tutautafuta mpaka tuupate."