Homa ya Zai

Jumatano ya tarehe 27 Juni 2018 nilikuwa na shilingi 20,000 mfukoni, na 8,000 kati ya hizo hazikuwa zangu. Zilikuwa hesabu ya mwenye pikipiki. Saa 11 jioni Ujerumani walikuwa wanacheza na Korea Kusini kwenye Kombe la Dunia. Nikaweka zote, Ujerumani ashinde. Mpaka dakika ya 90 hakuna bao, halafu Wakorea wakafunga mawili kwenye dakika za nyongeza.

Kuliwa nilishazoea. Kipya siku ile ni kwamba refa hajapuliza kipenga cha mwisho, mimi kichwani nimeshahamia mechi za saa 3 usiku. Brazili na Serbia, Uswisi na Kosta Rika. Nikiunganisha ushindi wa Brazili na wa Uswisi, mkeka unalipa kama mara mbili ya dau. Kwa hiyo ili nirudishe 20,000 yangu ilibidi niweke 20,000 nyingine. Tazama hiyo hesabu vizuri: mkeka ukitiki narudi pale nilipokuwa mchana, sina faida hata senti, na ukichanika nimepoteza 40,000. Mimi nilikuwa naona kitu kimoja tu, kwamba ile pesa bado ni yangu na naifuata.

Nikamfuata mwenzangu wa kijiweni. Nikamwambia, "Kaka, Zai ana homa, inapanda tu, nataka nimkimbize hospitali." Uongo ule sikuupanga hata kidogo. Ulitoka mdomoni ukiwa umekamilika, na jina la mwanangu ndani yake. Akanihesabia noti mbili za elfu kumi bila kuuliza.

Nyumbani nilifuta meseji za miamala moja baada ya nyingine, nikaacha ya luku peke yake ili simu isionekane imesafishwa. Mama Zai akauliza mbona sili. Nikasema nimechoka, nikaenda kujifungia chooni na simu.

Brazili alishinda 2-0. Uswisi alikuwa anaongoza 2-1, dakika ya 90 imepita, mimi nimeshaanza kupumua. Kosta Rika wakapata penalti. Mpira ukagonga mwamba, ukarudi, ukampiga kipa mgongoni na kuingia. 2-2. Nilikaa mle chooni hadi miguu ikafa ganzi, na nakumbuka nilichokuwa nawaza: kesho kuna mechi gani, na nani sijamkopa.

Asubuhi mapema tukasikia hodi. Alikuwa yule mwenzangu, kabeba mfuko wa machungwa na Panado ya maji. Zai alikuwa uani anaruka kamba.

"Shemeji, mgonjwa anaendeleaje?" akamuuliza mke wangu.

Mama Zai akamtazama mtoto, kisha akanigeukia mimi. Akaupokea mfuko kwa mikono miwili, akasema, "Karibu ndani, shemeji. Mgonjwa ndiyo huyu hapa."