Nilivyoacha Kuchora Ateri Kama Bomba Lililoziba

Kwa miaka kadhaa nilifundisha ugonjwa wa ateri kwa mchoro mmoja tu: bomba lililokatwa katikati, na ndani yake mafuta ya njano yakiwa yamegandamana ukutani mpaka njia ya damu imekuwa nyembamba. Wanafunzi waliunakili upesi, nami niliridhika nao, hadi siku ambayo msichana wa kidato cha tatu aliponyoosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, kama mafuta yananata tu ndani ya bomba, mbona hayaanzi kuziba kapilari, ambazo ni nyembamba kuliko mishipa yote? Na mbona vena hazipatwi?" Niliutazama mchoro wangu ubaoni na nikaona kwamba haukuwa na jibu la swali lolote kati ya hayo mawili. Nilimwomba anipe wiki moja.

Katika wiki hiyo nilitambua kwamba kosa lilikuwa mahali nilipoyaweka mafuta. Plaki, yaani lile rundo la mafuta, haijengeki juu ya ukuta, upande wa damu. Hujengeka ndani ya ukuta wenyewe. Upande wa ndani wa ateri umefunikwa na safu moja tu ya seli bapa zilizoshikamana kama vigae vya sakafu, na chini ya safu hiyo kuna tabaka jembamba liitwalo intima, ambamo ndimo plaki hukaa. Kwa hiyo kitu cha kueleza si namna mafuta yanavyonata, bali ni namna chembe ya LDL, ile inayobeba kolesteroli katika damu, inavyovuka safu ile ya seli, na kinachoizuia isitoke tena baada ya kuvuka.

Nilianza na ukubwa, kwa sababu bila huo hakuna kinachoeleweka. Chembe ya LDL ina kipenyo cha takriban nanomita 22. Tukikuza kila kitu mara milioni moja, chembe hiyo inakuwa gololi ya sentimita 2.2, na chembe nyekundu ya damu inakuwa duara lenye upana wa mita saba na nusu hivi. Tulitoka nje, tukalichora duara hilo kwa chaki, kisha nikaweka gololi moja pembeni yake. Halafu nikawachorea mwanya wa kawaida ulio kati ya seli mbili za ukuta wa ateri: kwa kipimo kilekile ni milimita chache tu. Mvulana mmoja aliisukuma gololi kwenye mwanya huo, akasema haipiti. Ni kweli, haipiti, na hapo ndipo nilipotaka wafike. LDL huvuka kwa kubebwa. Utando wa seli hubonyea, hutengeneza kifuko kidogo ambacho kwa kipimo chetu kingekuwa na upana wa sentimita saba hivi, humeza chembe pamoja na umajimaji, kisha kifuko husafiri hadi upande wa pili wa seli na kumwaga kilichomo ndani ya intima. Wanafunzi wengi walikuwa wakiamini kwamba ni lazima ukuta uchanike kwanza. Nilisisitiza kwamba seli isiyo na jeraha hufanya kazi hii mchana na usiku, na kwamba kadiri LDL inavyozidi katika damu, ndivyo chembe nyingi zaidi zinavyovushwa.

Sehemu iliyofuata ndiyo ninayoiona kuwa moyo wa somo zima. Kuingia peke yake hakudhuru sana, maana chembe nyingi hutoka tena. Inayodhuru ni ile inayonaswa. Kila chembe ya LDL imezungukwa na protini moja ndefu iitwayo apolipoprotini B, na katika protini hiyo kuna vipande vyenye asidi amino za chaji chanya. Ndani ya intima nako kumejaa proteoglikani, ambazo ni protini zenye nyuzi ndefu za sukari zilizobeba chaji hasi. Chanya na hasi huvutana, na chembe hukwama. Ili walione jambo hili nilijaza sinia nyuzi za sufi, nikabandika utepe wenye gundi pande zote mbili kwenye nusu ya gololi, kisha tukaziviringisha zote. Zile tupu zilipita zikaanguka upande wa pili. Zenye utepe zilibaki zimezongwa na sufi. Baada ya hapo niliwaeleza jaribio lililochapishwa mwaka 2002, ambamo panya walipewa apolipoprotini B iliyobadilishwa ili isishike vizuri proteoglikani. Kolesteroli katika damu yao ilikuwa juu kama ya wenzao, lakini plaki zao zilikuwa ndogo zaidi kwa kiasi kikubwa. Damu ileile, tofauti ni kunaswa tu.

Chembe iliyonaswa haikai salama. Huanza kuoksidishwa, na seli za juu yake huitikia kwa kuotesha protini za kunasa monosaiti, yaani seli nyeupe zinazopita katika damu. Monosaiti huingia ukutani, hugeuka makrofaji, na kuanza kumeza. Hapa nilitua kwa muda mrefu, kwa sababu wanafunzi huuliza kwa nini makrofaji haishibi. Seli ya kawaida ikipata kolesteroli ya kutosha hupunguza vipokezi vyake vya LDL; ugunduzi wa vipokezi hivyo na udhibiti wake uliwapa wanasayansi Brown na Goldstein tuzo ya Nobeli mwaka 1985. Makrofaji hutumia vipokezi vya aina nyingine kumezea LDL iliyoharibika, na hivyo havipunguzwi na kujaa kwa seli. Basi humeza mpaka tumbo lake lote limejaa matone ya mafuta, na kwenye hadubini huonekana kama povu. Zikifa kwa wingi huacha kiini laini cha mafuta na mabaki, huku seli za misuli ya ukuta zikijenga kifuniko cha kolajeni juu yake.

Wiki ilipotimia nilirudi kwa yule msichana. Kapilari hazina intima ya namna hii; ukuta wake ni seli moja tu na utando mwembamba. Ateri nazo haziugui kila mahali, bali hasa kwenye matawi na mikunjo, ambako damu huzunguka badala ya kunyooka, na ambako intima huwa nene na yenye proteoglikani nyingi hata kabla ya ugonjwa kuanza. Kisha nikafuta bomba langu la zamani. Mwaka 1987 mtafiti Glagov na wenzake walionyesha kwamba ateri za moyo hutanuka kwa nje kadiri plaki inavyokua, hata njia ya damu ikabaki karibu ileile mpaka plaki ichukue kama asilimia 40 ya eneo lililopo. Mtu anaweza kuwa na plaki kubwa bila kuhisi chochote, kisha kifuniko kikapasuka na damu ikaganda juu yake kwa ghafla.

Alisikiliza, akaandika, halafu akauliza tena: "Na vena je? Kama tofauti ni shinikizo na mwendo wa damu, vena ikihamishiwa mahali pa ateri si itaugua pia?" Safari hii nilikuwa na jibu. Madaktari huhamisha vena ya mguu ili damu ipite kando ya ateri ya moyo iliyoziba, na vena hiyo, ambayo mguuni isingepatwa na plaki, ikikaa miaka kadhaa chini ya shinikizo la ateri hunenepa ukuta, hunasa LDL, na hujenga plaki yake yenyewe.