Simu imezimwa lakini bado ya moto

Siku ya mahafali ya mdogo wangu nilirekodi video ya 4K kama dakika 40 mfululizo, jua la saa saba, simu ikapata moto pale juu karibu na kamera mpaka kioo kikajipunguza mwanga chenyewe. Hiyo haikunitisha, prosesa ndo imekaa maeneo hayo na ukirekodi haipumziki hata sekunde, nikavua kava nikaiweka kivulini na baada ya robo saa ikapoa.

Kilichonitisha kilikuja usiku. Niliichaji ikajaa, nikachomoa, nikaizima kabisa nikaiweka pembeni ya mto, nusu saa baadae naigusa bado ya moto, na sasa moto uko katikati ya mgongo, mahali pamoja tu. Imezimwa, haiko kwenye chaji, hakuna apu yoyote inafanya kazi, sa moto unatoka wapi? Nikaitoa kitandani haraka nikailaza kwenye sakafu ya saruji mbali na mapazia, usingizi wenyewe ukakata.

Asubuhi nikailaza mezani chali, nikaisukuma kona moja kwa kidole, ikazunguka kama pia. Mgongo ulishatuna. Na kioo upande mmoja kilikuwa kimenyanyuka kidogo, ukucha unaingia. Hapo ndo nikakumbuka wiki mbili nzima ilikuwa inashuka kutoka asilimia 40 hadi 15 ghafla, mi nikasema ni apdeti tu, kumbe betri ilikuwa inaaga.

Fundi hakutaka hata niiwashe. Akaniambia, "Kaka, simu ikiwa na kazi lazima ipate joto, kazi ikiisha joto linaondoka. Hii haina kazi na bado inachemka, sio kawaida." Akaifungua taratibu kwa kadi ya plastiki, sio bisibisi, maana betri ya lithiamu ukiitoboa inaweza kuwaka hapo hapo. Ilikuwa imevimba kama kimto, gesi imejaa ndani. Nikamuuliza vipi kama ningeiweka kwenye friji ipoe, akakataa kabisa, baridi haiondoi gesi na simu ikitoka humo inaingia unyevu.

Kitu nilichompendea, hakukimbilia kuweka betri mpya. Alisema moto wa simu iliyozimwa unaweza pia kutoka kwenye bodi yenye shoti, na hapo ukiweka betri mpya nayo itaisha tu. Akaiunga bodi kwenye pawa saplai bila kuiwasha, akaniita niangalie namba ya ampia: sifuri. Bodi hainywi umeme. Ndo akaweka betri.

Jioni niliichaji nikiwa nimeishika mkononi muda wote, ikawa vuguvugu tu kama kiganja, nikachomoa, na dakika kumi hivi baadae mgongo ulikuwa baridi.